Mita Hamsini Zilizozidi

Mama yule alikuwa muuguzi mstaafu. Nyumba yake ya Jorodom ilifukiwa na matope siku mlima ulipoporomoka, yeye akiwa Tumati kwa dada yake. Aliponipigia simu alikuwa amepata kiwanja upande wa Gendabi, na alikuwa na milioni sabini: mafao yake pamoja na michango ya wanawe.

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Kazi yangu ni kumwambia mtu nyumba itamgharimu kiasi gani kabla tofali la kwanza halijawekwa. Nilikuwa nimeacha ajira Babati muda mfupi tu, na huyu alikuwa mteja wangu wa kwanza. Nikamfuata kiwanjani kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Ramani hii hapa. Niambie kama inaumwa."

Ilikuwa ramani ya ile nyumba ya zamani, vyumba vilevile, imechorwa upya na kijana wa stationery pale Katesh. Nikapima: mita za mraba mia na hamsini. Nyumba za namna hiyo nilizokadiria karibuni zilikuwa zinakwenda kwa laki sita kila mita. Hiyo ni milioni tisini.

Hakushtuka. Alitoa daftari akaanza kunihoji kama anavyohojiwa mgonjwa. Laki sita inakwenda wapi? Msingi unakula kiasi gani? Kuta? Bati na kenchi? Marumaru, dari na rangi? Nilikuwa nimezoea wateja wanaotaka jibu la mwisho tu. Huyu alitaka kujua mwili wa nyumba unavyofanya kazi, na nikajikuta naifurahia kazi yangu upya.

"Kwanza tuweke akiba ya dharura," nikamwambia. "Milioni saba tusiziguse. Zinabaki sitini na tatu. Tugawanye kwa laki sita: mita mia na tano."

"Basi tuondoe marumaru vyumbani. Saruji laini inatosha."

"Tutaona. Tuchimbe shimo kwanza, tuuone udongo."

Fundi niliyekuja naye alichimba kwenye kona ya kiwanja. Chini ya nusu mita tukakuta udongo mweusi, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Mama akachukua bonge, akalifinya kiganjani, akalinusa.

"Huu ndio unaopasua kuta za majirani?"

"Ndio huu. Tutachimba zaidi, tutaweka mkanda wa zege na nondo. Hapo hatubani hela, mama."

Msingi huo ulipandisha kila mita kwa elfu hamsini. Mita mia na tano zikashuka kuwa tisini na saba. Ndipo tukaondoa marumaru vyumbani, na tukapata nafuu ya elfu ishirini kwa mita. Akapiga hesabu mwenyewe kwenye simu, mara mbili.

"Mia kamili," akasema polepole. "Marumaru zote hizo zimenirudishia mita tatu tu?"

"Tatu tu. Kinachokula hela ni ukubwa, mama."

Tulikuwa na mita hamsini za kuondoa, na kila chumba kwenye ramani kilikuwa na mtu wake. Niliogopa kugusa hata kimoja. Badala ya kubishana juu ya karatasi, nikamwomba fundi vigingi na kamba, tukaitandaza nyumba nzima ardhini kwa vipimo vyake.

Akaingia kwa mlango wa mbele, akatembea. Katikati ya korido akasimama.

"Hapa analala nani?"

"Hakuna, mama. Ni njia. Mita kumi na nane."

"Nailipia laki sita na zaidi kila mita, ili nipite?" Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu tukutane. Kisha akaanza kung'oa vigingi kwa mkono wake. Korido ikaenda, vyumba vikafungukia sebuleni. Sebule ya pili, mita ishirini, ikaenda. Kwenye chumba cha mwisho, ambacho ramani ilikiita cha wageni, aliinama akashika kigingi cha kona.

"Hiki kilikuwa cha mwanangu wa mwisho. Siku hizi ana nyumba yake Singida." Akaniangalia. "Mita ngapi?"

"Kumi na mbili."

Aking'oa kigingi hicho, machozi yalimtoka, lakini hakusimama.

Tulinyoosha kilichobaki kikawa mstatili mmoja usio na kona za ziada, ili kuta na paa visitupotezee fedha. Nikarudia makadirio yote, kipengele kwa kipengele, yakakaa ndani ya milioni sitini na tatu. Wakati wa ujenzi bati lilipanda bei, ikatubidi tuchukue sehemu ya ile akiba. Masika mawili yamepita na kuta hazina ufa.

Nilipopita mwezi jana aliniketisha jikoni, akanimiminia chai, akafungua daftari.

"Sasa nieleze," akasema, "tenki la maji ya mvua linakadiriwaje?"