Ofa Iko Wapi, Patron?

Nimefanya kazi na Xavérine Mukantwari miaka kumi na moja, mimi nikiwa mtunza ghala na yeye akiwa sekretari, na katika muda wote huo sijamsikia akisema sentensi mbili pale ambapo moja ingetosha. Mimi ni mtu wa Ujiji, nimezaliwa huko na kukulia huko, na kwetu mtu asiyeongea huonekana ana homa. Ilinichukua mwaka mzima kuelewa kwamba hajanikasirikia.

Ufundi huo wa kubana maneno aliusomea. Kuanzia mwaka 1990 hadi mwanzoni mwa 1994 alikuwa mpiga teleksi katika kampuni moja ya kahawa hapa Kigali. Teleksi ililipiwa kwa dakika ambazo laini iko wazi. Kwa hiyo alichapa kwanza akiwa nje ya laini, mashine ikatoboa ujumbe kwenye utepe wa karatasi, ndipo akampigia mnunuzi wa Ulaya na kuupitisha utepe ule mbio mbio. Ujumbe ulianza na ofa: magunia mangapi, daraja gani, bei gani, yanapakiwa lini, jibu lifike kabla ya saa ngapi. Salamu ilikuja mwishoni, neno moja, kama kulikuwa na nafasi. Bosi wake wa wakati ule alimwambia kwamba mnunuzi akilazimika kuitafuta bei, ataitafuta kwa jirani.

Kisha ukaja mwaka 1994. Kuna watu wa nyumbani kwake ambao hawataji kazini, nami siulizi. Mwaka 1996 alikuja Gikondo kuomba kazi kwenye karakana ya Cyriaque, na hapo ndipo alipo hadi leo.

Cyriaque tunamwita Patron, yaani bosi. Ni Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, fundi wa kuchomelea kwelikweli, mtu wa kanisa, na mkarimu kupita kiasi, hasa wa maneno. Anatengeneza mashine za kupukuchua mahindi. Mashine zake ni nzuri. Barua zake ni msiba.

Mwishoni mwa 2011 tulikuwa na mashine ishirini na sita ghalani na msimu wa mavuno unakaribia. Mavuno yakipita, mashine hiyo hakuna wa kuiangalia tena mpaka msimu mwingine, na sisi tulikuwa tumeshaambiwa kwamba karakana za bondeni Gikondo, yetu ikiwemo, zitahamishwa. Mkataba wa Xavérine ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, ukiisha Januari. Kila Desemba Patron huusaini upya. Desemba hiyo hakuusaini. Alisema, "Mama Ngabo, tutaona kwanza kama mashine zitatoka. Siku hizi kila mtu anachapa mwenyewe kwenye simu." Alisema kwa upole, akamuulizia na hali ya goti lake. Xavérine akajibu kwamba goti liko sawa. Mimi nilikuwa mlangoni na daftari la ghala, na nilikasirika mpaka nikasahau nilichokuja kuuliza. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, kazi nyingine angeipata wapi?

Desemba hiyo hiyo Patron alikuwa ametuma imeili kwa wateja thelathini na wanne wa Ngara, Karagwe, Biharamulo na Muyinga. Aliiandika mwenyewe, kwa Kiswahili. Mada yake ilisema: "Salamu kutoka Kigali." Ilianza hivi:

"Bwana Yesu asifiwe sana. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima wa afya njema, pamoja na familia zenu, wazee, watoto na wote mnaoshirikiana nao katika kazi za kila siku. Sisi huku Kigali hatujambo kwa neema zake, isipokuwa mvua…"

Mvua ilinyesha aya nzima. Baada ya mvua akaja marehemu baba yake, aliyekuwa na kinu cha mkono kule Buyenzi, Bujumbura, mwaka 1978. Baada ya baba, safari ya kurudi nyumbani. Mashine ilijitokeza ukurasa wa pili, na bei ikawa kwenye mstari wa tatu kutoka mwisho, baada ya "bila kusahau".

Lilikuja jibu moja, kutoka Biharamulo. Lilisema: "Sisi pia hatujambo."

Tarehe tatu Januari niliagizwa kumpigia Connie, mnunuzi wa ushirika mmoja wa Karagwe, tunayefahamiana naye tangu zamani. Nikamuuliza kama aliipata imeili yetu.

"Ile ya harusi?" akasema.

"Harusi gani?"

"Si ya mchango? Nimeona kwenye simu, Bwana asifiwe, natumaini mu wazima na familia zenu. Nikasema hawa wanataka kadi. Nitaifungua mwisho wa mwezi, kaka yangu, saa hizi sina kitu."

Nikaenda kumwambia Xavérine. Sikucheka, ingawa nilitaka sana. Yeye aliivuta ile imeili kwenye skrini akaisoma yote, kidole kikifuata mistari.

"Ofa iko wapi?" akauliza.

"Ukurasa wa pili, chini."

"Connie anaona nini ku simu?"

"Jina la Patron, mada, na maneno machache ya kwanza."

"Basi anaona Yesu na familia," akasema. "Mashine haoni. Hapana kosa yake."

Akachukua karatasi akaandika maswali matano ya teleksi: nini, ngapi, bei gani, wapi, mpaka lini. Akapita kwenye imeili ya Patron akiwinda majibu, na kila alipopata moja alilipigia mstari. Majibu yote matano yalikuwemo. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, yalikuwemo yote, yamefichwa kama sukari ya wageni. Akayatoa, akayaweka juu, akaniita nimwangalizie Kiswahili, maana yeye kwake r na l ni mapacha. Nilibadilisha "bira maripo" ikawa "bila malipo". Mengine yalikuwa yake.

Mada ikawa: "Mashine 26 za kupukuchua mahindi, dola 700 hadi 20 Januari." Na barua ikaanza:

"Habari za kazi. Tunazo mashine 26 za kupukuchua mahindi, magunia kumi na tano kwa saa, kwa dola 700 badala ya 850, na tunazifikisha hadi mpakani, Rusumo au Kobero, bila malipo. Bei hii inaisha Ijumaa tarehe 20 Januari. Jibu barua hii kwa kuandika idadi unayotaka."

Chini yake mistari minne: injini ya petroli ya aina gani, dhamana ya mwaka mmoja, vipuri vinapatikana wapi, namba ya simu. Kisha jina la Patron. Na chini ya jina, baada ya mstari mrefu, kichwa kidogo: "Historia yetu." Hapo aliiweka mvua, baba, kinu cha mkono na safari, bila kukata hata nukta.

Patron alipoisoma alivua kofia.

"Mnanifanya mshenzi," akasema. "Mtu unaingia kwa watu, hujakaa, hujaulizwa habari, unasema dola mia saba? Baba yangu mmemtupa chini ya meza?"

"Baba hajatupwa, Patron," Xavérine akasema. "Amehamia tu. Iko yote, haikupungua."

"Watanionaje?"

"Leo hawakuoni, Patron. Connie anadhani unaoza mtoto."

Patron akaniangalia. Nikamthibitishia habari ya harusi. Akakaa. Nilimwonea huruma, kwa sababu hakuwa mjinga. Kwake salamu si pambo, ni namna ya kumwambia mtu kwamba amemwona. Mwisho akasema sawa, ila aongeze maneno mawili tu. Akaongeza, mbele ya kila kitu: "Kwanza kabisa, kabla ya yote, ningependa kuchukua nafasi hii."

Xavérine akasubiri atoke kwenda kuangalia kulehemu, akayafuta. Akatuma kwa kila mteja peke yake, mara thelathini na nne, Jumatatu tarehe tisa, saa nne asubuhi. Akaniambia waziwazi, "Ismaël, naogopa." Nikamletea chai.

Saa saba mchana lilikuja jibu la Connie: "Nane. Lori litakuwa Rusumo Alhamisi." Ngara wakataka tano. Muyinga wakauliza kama ni petroli au dizeli, swali ambalo jibu lake lilikuwa papo hapo chini ya ofa, nikawalaani, halafu wakachukua sita. Biharamulo, wale wale waliokuwa hawajambo, wakachukua nne. Kufikia Ijumaa ghala lilibaki na mashine tatu, na mimi nilibaki na nafasi ya kutembea.

Patron alifurahi kwa mashine na kuumia kwa majibu. "Nane," alikuwa akisoma kwa sauti. "Nane! Hata hujambo hakuna." Kuhusu mkataba hakusema neno. Nilimwambia Xavérine aende amkumbushe, mlango wa Patron uko hatua sita kutoka meza yake. Alisema akienda atakalishwa, ataulizwa goti, ataulizwa watoto, atatoka nje na baraka bila mkataba. "Inajulikana," akasema. "Imeshanipata."

Akamwandikia imeili. Nilimwangalizia Kiswahili. "Patron, naomba mkataba wa miaka mitatu badala ya mmoja, kuanzia tarehe 1 Februari. Naomba jibu kufikia Jumatano tarehe 25." Basi. Nikamwambia huyu si mnunuzi wa Ulaya, mpunguzie makali. Akasema Patron ni mtu mkubwa, ataelewa, akabonyeza.

Jumatatu kimya. Jumanne kimya, na Patron akapita mezani kwetu mara tatu bila kutuangalia. Jumatano saa kumi kasorobo ikaingia. Mada: "Salamu." Nilisimama nyuma ya kiti chake.

"Mpendwa Mama Ngabo, Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta salama pamoja na Ngabo na wote wa nyumbani, na kwamba goti halikusumbui katika mvua hizi…"

"Shuka chini," nikamwambia. "Mama Ngabo, shuka chini, jibu liko chini!"

Hakushuka. Alikuwa kwenye aya ya pili, ambako kulikuwa na mwaka 1996, na mwanamke aliyefika Gikondo kwa miguu kutoka Masaka, nje kidogo ya Kigali, akakataa kiti, akasema anajua kuchapa na hana barua ya kumtambulisha kwa sababu wote ambao wangeiandika hawapo. Patron alikuwa ameandika kwamba siku hiyo hakujua amsalimie vipi mtu kama huyo, kwa hiyo alimpa kazi bila kumsalimia, na kwamba jambo hilo limemkaa moyoni miaka kumi na sita.

Nilinyoosha mkono nikakishika kipanya mwenyewe, nikashuka hadi mwisho. Mstari wa tatu kutoka chini, baada ya "bila kusahau": miaka mitatu, umesainiwa, uko kwa Donatille wa mapokezi tangu jana.

"Umepata!" nikasema. "Miaka mitatu, Mama Ngabo, umepata!"

Akauondoa mkono wangu kwenye kipanya, akapanda juu tena hadi pale alipokuwa ameachia, akaweka kidole kwenye mstari. Miwani ilikuwa imelowa na hakuifuta.

"Ngoja, Ismaël," akasema. "Bado ananisalimia."