Mzee Joab na Muhtasari wa Mbwa na Upweke

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hilo nalisema mwanzo ili asije mtu akanisema nyuma. Kazi yangu ni ya maktaba, kwenye tawi dogo la chuo hapa kisiwani, ghorofa ya pili. Wanafunzi wa shahada ya uzamili huletwa kwangu wakiwa bado hawajui hata wanatafuta nini. Nawafundisha kuyasaka machapisho, kuyachambua, na kuandika muhtasari wa mapitio, yaani ile ramani ya vichwa na vijisehemu inayoonyesha sura nzima itakwendaje. Muhtasari ukisimama natia saini, mwanafunzi anakabidhiwa kwa msimamizi wake kampasi kuu, na mimi simuoni tena. Nimefanya hivi miaka kumi na tisa. Sijawahi kumkumbuka mtu baada ya saini, mpaka Joab.

Alikuja Alhamisi moja saa nne asubuhi, shati limenyooshwa mpaka kola inakata, na faili la kahawia kwapani. Mtu wa bara, mstaafu wa reli, miaka sitini na sita. Alifanya kazi ya ishara za treni tangu ujana, akazika mkewe, Jael, mwaka aliostaafu. Mwanawe wa Nairobi akamwambia asikae bure, naye akajiandikisha somo la ustawi wa jamii. Mada yake ilikuwa hii: uhusiano wa binadamu na mbwa, na upweke wa wazee.

"Mbwa, Mzee Joab?" nikamuuliza.

"Mbwa, mwalimu. Ninaye mmoja. Nimemwacha chini kwa askari."

Nilichungulia dirishani. Chonga, bawabu wetu, alikuwa amesimama mbali kabisa na kibanda chake, na kamba imefungwa langoni. Mbwa mwenyewe wa rangi ya majivu, sikio moja limekatika, ameketi kwa adabu kuliko wanafunzi wangu wengi. Jina lake Foremani.

Muhtasari wa kwanza ulinichoma roho. Alikuwa ameweka kila utafiti kichwa chake: fulani alisema hivi, fulani alisema vile, kurasa sita. Nikamwambia hiyo ni orodha ya waalikwa wa harusi, si mapitio. Mapitio hupangwa kwa hoja, na watafiti wanaitwa pale hoja inapowahitaji. Joab akacheka, akaandika maneno yangu kwenye daftari kama yalivyo, hata ile harusi.

Nikapata kujua upesi kwamba si mtu mjinga. Wiki ya pili alirudi na vichwa vilivyosimama. Kwanza maana: kuishi peke yako ni jambo moja, kuhisi upweke ni jambo jingine, na dodoso la kupima hili haliwezi kupima lile. Kisha nadharia, kwa nini kiumbe kikushike moyo. Kisha ushahidi, ameugawa vizuri: wazee wanaofuga mbwa nyumbani, na wazee wa makao wanaoletewa mbwa wa kuwatembelea. Kisha udhaifu wa tafiti. Hapo palikuwa na kazi, kwa sababu matokeo ya wafugaji hayakubaliani. Wengine wamekuta wenye mbwa wana upweke kidogo, wengine hawakuona tofauti yoyote. Tena nyingi zimepima mara moja tu, kwa hiyo huwezi kujua kama mbwa amepunguza upweke au ni wenye afya na watu wao ndio wanaoweza kufuga mbwa.

"Usiyafiche yale yasiyoona tofauti," nilimwonya. "Najua unampenda Foremani, lakini Foremani si ushahidi."

"Sitaficha, mwalimu."

Hakuficha. Lakini palikuwa na pengo, na mimi pengo huniwasha. Kwenye tafiti za mbwa wa kutembelea, mbwa haji peke yake. Ana mtu aliyemshika kamba, mtu anayesalimia, anayeketi, anayeuliza umelalaje. Mzee akisema upweke umepungua, aliyeupunguza ni mbwa au ni mgeni? Tafiti nyingine zimejaribu kulitenganisha hilo, nyingi hazikujaribu. Bila sehemu hiyo muhtasari ulikuwa na tundu katikati. Nikaandika kwa wino mwekundu: *Nani alimleta mbwa?* Akaitikia kwa kichwa kwamba amefahamu.

Alhamisi iliyofuata sehemu haipo. Nikaandika tena. Alhamisi nyingine, haipo tena, na badala yake amezidisha ukurasa mzima juu ya mbwa wa mashine wanaopewa wazee ng'ambo. Ukurasa mzuri, lakini sikuuomba.

Nilinung'unika, naye akakaa. Ndivyo zilivyokuwa Alhamisi zetu. Tukimaliza karatasi alikuwa na neno jingine, na baada ya hilo jingine tena. Alinieleza jambo ambalo sijalikuta katika chapisho lolote. Ng'ambo wameandika kwamba mbwa huleta watu: ukitoka naye matembezi, wapita njia watasimama, watamsifu, watakuuliza jina lake. Yeye akitoka na Foremani asubuhi kuelekea Kibarani, akikatiza mitaa ya Bondeni, watu humpisha. Wanavuka upande wa pili, wakikusanya kanzu na mabuibui wasiguswe na mate yakawatia najisi wakiwa na udhu. Hawamtukani. Wanamsalimu kwa mbali, kwa heshima, na kuendelea.

"Siwalaumu," alisema. "Dini ni dini. Lakini mwalimu, kabla ya Foremani nilikuwa nikishikwa mkono."

"Basi mwachie mtu."

Akanitazama kama niliyemwambia auze jicho. "Nyumbani ni yeye tu anayeinuka nikiingia."

Hilo nilimwambia aliweke kwenye pengo la utafiti, mwisho kabisa: hakuna aliyechunguza mbwa anafanya nini kwa mzee katika mji ambao majirani wanajitenga naye. Akaliweka Alhamisi iliyofuata. Lile la nani alimleta mbwa, hakuliweka.

Nitasema na langu. Nyumba yetu Mji wa Kale ina watu kumi na mmoja, na mimi ndiye shangazi wa wote. Naulizwa chakula kimeiva, naulizwa nguo imepigwa pasi, naulizwa simu ya nani inalia. Nimeachika miaka ishirini. Sikumbuki mara ya mwisho mtu aliponiuliza nimesoma nini siku hiyo. Joab aliniuliza kila Alhamisi, akanyamaza kusikia jibu.

Ikafika wiki ya mwisho ya Septemba. Idara ilikwisha kumwongezea muda mara moja. Muhtasari usipopita kufikia tarehe thelathini, jina lake lingefutwa na miaka miwili ya masomo kupotea. Alikuja na karatasi zake zimenyooka kama kola yake, nikafungua, nikatafuta. Haipo. Mara ya tano!

Nikapandwa. "Mzee Joab, wewe umri huu unachezea watu? Nimekuandikia mara ngapi? Kama huwezi kusoma wino mwekundu, kaa nyumbani na mbwa wako!"

Maktaba nzima iligeuka. Yeye aliinuka polepole, akakusanya karatasi, akasema, "Naomba radhi, mwalimu." Akateremka ngazi akishika ukuta. Sikula mchana ule.

Asubuhi ya tarehe ishirini na tisa aliniletea faili kwa barua pepe, kwa sababu idara haipokei karatasi tena, inataka faili lenyewe. Mpaka hapo nilikuwa nimemsoma kwenye karatasi tu. Nikalifungua. Sehemu ipo, na imeandikwa na mtu aliyeifikiria sana: tafiti zenye mgeni na mbwa, zenye mgeni bila mbwa, zenye mbwa na mgeni asiyesema neno, na swali la kila moja limewekwa wazi. Ilikuwa bora kuliko zote.

Lakini faili hilo aliliandika kwenye kiolezo nilichompa siku ya kwanza, na mimi violezo vyangu huviwasha kuhifadhi mabadiliko, kila neno lililotiwa na lililokatwa, na tarehe yake na saa yake. Nilifungua mabadiliko ili niangalie kama kuna kilichobaki. Pembeni mwa ukurasa ikajaa mistari myekundu, si yangu.

Sehemu ile aliiandika jioni ya Alhamisi ileile niliyomwomba kwanza. Aliifuta Alhamisi iliyofuata, saa moja asubuhi. Jioni yake aliirudisha, ameiongezea aya. Wiki ya pili yake, saa moja na robo asubuhi, akaifuta. Ikarudi. Ikafutwa. Mara nne zote, kila mara asubuhi kabla ya kuchapisha karatasi za kuniletea.

Nilikaa mbele ya mashine ile mpaka skrini ikazima yenyewe. Niliona aibu, nasema kweli. Mimi niliyemfundisha kuuliza ni nani alimleta mbwa, nilishindwa kujiuliza ni nini kilichomleta Joab.

Alikuja saa nne. Nilikuwa nimekwisha azimia kutomfedhehesha, na kutomfedhehesha kukageuka kuwa kutosema chochote. Nikatia saini na muhuri kwenye karatasi ya idhini, nikamsukumia.

"Imepita, Mzee Joab. Kazi safi."

"Na ile sehemu?"

"Ile ndiyo bora."

Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. Alifika mlangoni akasimama, mkono kwenye komeo, akingoja. Nilijua anangoja nini. Nikasema, "Kila la heri kampasi kuu," nikaanza kupanga vitabu vilivyokwisha pangwa. Dirishani nilimwona akifungua kamba. Chonga alimpungia mkono kutoka mbali, na kina mama wawili waliokuwa wakija wakavuka barabara.

Alhamisi ya kwanza bila yeye nilijipa kazi. Ya pili nilijikuta nimesogeza kiti chake upande usio na jua. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Watu walikuwamo maktaba, nyumbani nilikokwenda walikuwamo kumi, na mimi nilikuwa peke yangu kwa namna ambayo dodoso la Joab lingeipima bila tabu.

Ya tatu nilimpigia simu.

"Mwalimu Lamis!" Nyuma yake mbwa alibweka mara moja.

"Mzee Joab, nimepitia tena muhtasari wako. Kuna kosa."

Muhtasari ulikwisha sainiwa, ukapigwa muhuri, ukapelekwa. Aliyajua hayo kama niyajuavyo mimi.

"Kosa wapi, mwalimu?" aliuliza taratibu.

Nilifungua mdomo nitaje ukurasa, nikakosa ukurasa.

"Hakuna kosa," nikasema. "Nimeona ulivyokuwa ukifuta. Usifute tena. Njoo tu."

Nilimsikia akimwambia Foremani aketi.

"Nije na nini?" akauliza.

"Usije na karatasi yoyote."