Nyumba Ambazo Sikuzijenga

Mwezi ule sikuweza kukaa kwenye kiti dakika kumi. Mke wangu alisema nitaimaliza sakafu kwa kutembea, naye si mtu wa kutia chumvi. Mkataba wangu kwenye mradi wa viwanja wa Dandora ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, kodi ya nyumba yetu ya mtaa wa Mowlem haikujua habari za mikataba, na mtoto wa tatu alikuwa njiani. Ndipo likatoka tangazo gazetini: shirika moja lilitafuta meneja wa mradi mpya wa makazi upande wa Kayole. Barua na wasifu wa kazi vifike kabla ya Ijumaa ya wiki iliyofuata, pamoja na majina ya watu watatu wa kuulizwa habari zangu, mmoja wao awe mtu aliyehudumiwa na mradi. Nilikata kipande kile cha gazeti nikakitia mfuko wa shati, nikawa nakitoa kukisoma kila nikisimama, na siku hizo nilisimama sana.

Kwa asiyejua, mradi wa viwanja haukuwa mradi wa kujenga nyumba. Sisi tulileta barabara, maji na bomba la maji taka, na katika kila kiwanja tukajenga choo na bafu. Baada ya hapo mwenye kiwanja alipewa ufunguo, ramani na mkopo wa vifaa, akaambiwa vyumba ajenge mwenyewe. Wengi hawakuwa na nguvu ya kujenga peke yao, kwa hiyo waliunda vikundi, hasa akina mama, wakajengeana kwa zamu. Mimi nilikuwa msimamizi wa sehemu moja tu ya mradi huo.

Wasifu wa kwanza niliuandika na jirani yangu, karani wa ofisi moja ya mjini, mwenye ruhusa ya kutumia taipureta ya kazini wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa ameshapiga chapa barua za wakubwa wengi na aliamini anaijua dawa.

"Bwana, andika kwamba ulijenga," aliniambia. "Weka pesa zote za mradi. Nani atakuja kuhesabu? Wenzako wote wanaandika hivyo. Ukijifanya mtakatifu, utakula huo utakatifu na watoto wako."

Nikaandika. Kwa mujibu wa karatasi ile nilisimamia bajeti ya shilingi milioni ishirini, niliongoza wafanyakazi mia mbili, nilikamilisha nyumba mia tatu na kumi na mbili kwa wakati, na nilishirikiana na serikali na wafadhili. Niliisoma mara mbili nikampenda sana mtu yule aliyeandikwa pale. Ningemwajiri bila hata kumwona.

Mtu wa tatu wa kuulizwa habari zangu nilimchagua mama mmoja wa Dandora, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake kumi na tisa, ambaye tulielewana vizuri katika miaka minne ya mradi. Jumamosi asubuhi nilimkuta akichekecha mchanga pamoja na wenzake wanne kwenye kiwanja cha mmoja wao. Nilidhani ni jambo la dakika mbili: nimwombe, akubali, niende zangu. Nilikuwa nimesahau desturi yao. Katika kikundi kile karatasi yoyote ya kutiwa sahihi, kidole au jina la mmoja wao ilisomwa kwanza kwa sauti mbele ya wote waliopo.

"Nimekubali, mwanangu," alisema huku akipangusa mikono. "Sasa tusomee."

"Imeandikwa Kiingereza, mama."

"Si unajua Kiswahili?"

Nikasimama kando ya lundo la mchanga nikaanza kuwatafsiria. Sijapata kuona maneno yakibadilika kinywani namna ile. Kwenye bajeti nilikohoa. Kwenye wafanyakazi mia mbili mmoja wao aliacha kuchekecha. Nilipofika kwenye nyumba, mama mwenyekiti aliinua mkono kwa upole.

"Hizo mia tatu na kumi na mbili, hii yangu imo?"

"Imo, mama."

"Na hii tunayojenga sasa?"

Ilikuwemo, ingawa haikuwa na paa.

"Ulikuja lini kuchanganya saruji?"

"Labda ni siku ile tulikwenda kanisani," alisema mama mwingine, na wote wakacheka, si kwa ubaya, bali kama watu wanavyomcheka mtoto aliyevaa koti la baba yake. Niliona aibu, na juu ya aibu nikapandwa na hasira. Niliikunja karatasi nikaaga vibaya. Njia nzima hadi Mowlem niligombana nao kichwani: mimi nilikwenda kuomba jina, sikwenda kuungama. Wao wana nyumba, mimi nina mkataba unaoisha. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshinda kesi yote, lakini bado sikuweza kukaa.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilikaa na kalamu, nikasimama, nikakaa tena. Kila sentensi niliiuliza swali lile la saruji. Milioni ishirini zilikuwa za mradi mzima, na sahihi ilikuwa ya mhandisi mkuu. Wale mia mbili walikuwa vibarua wa mkandarasi, sikuwahi kumwajiri wala kumfukuza hata mmoja. Nilifuta na kufuta, na kwa vile nilikuwa na kinyongo nikafuta kupita kiasi. Jumatatu baada ya kazi nilirudi Dandora nikasimama palepale na kusoma kwa sauti ya mtu anayeadhibiwa: nilisaidia katika hili, nilihudhuria lile, nilikuwapo wakati wa jambo fulani.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. "Huyu wa leo mimi ningempa kazi ya kufagia," alisema. "Ile miaka minne ulikuwa wapi? Na bomba la mstari wetu?"

Bomba la mstari wao wa viwanja sikuliandika popote, kwa sababu lilinichelewesha. Mkandarasi alikuwa amelaza bomba la maji taka la mstari ule, akalifukia, akaleta hati ya malipo. Nilimwaga ndoo za maji kwenye shimo la juu la ukaguzi, na katika shimo la chini yakafika kidogo tu. Bomba lilikuwa limelazwa bila mteremko wa kutosha. Nilikataa kuthibitisha kazi ile. Mkandarasi alinipigia kelele, wenye viwanja nao wakanilaumu kwa kuwachelewesha, na yeye mama mwenyewe alikuwa mbele yao. Bomba lilifukuliwa likalazwa upya.

"Mama, hiyo ni aibu yangu. Tulichelewa wiki sita."

"Tulichelewa wiki sita na vyoo vinapitisha maji. Andika zote mbili."

Nikaandika pale pale, karatasi nimeiweka juu ya tofali. Bajeti: sehemu yangu ilikuwa ya shilingi milioni tatu na laki mbili, ndani ya mradi wa milioni ishirini uliosimamiwa na mhandisi mkuu. Niliruhusiwa kuidhinisha hadi shilingi elfu tano, na zaidi ya hapo nilipima kazi, nikathibitisha, nikampelekea yeye. Watu: wafanyakazi kumi na mmoja chini yangu, na mkandarasi niliyemkagua bila kumwongoza. Kazi: viwanja mia tatu na kumi na mbili vilipangwa, viwanja mia mbili tisini na nane vilikabidhiwa vikiwa na choo, bafu na maji, wiki sita baada ya tarehe, na sababu yake. Vyumba vilijengwa na wenye viwanja. Wadau: wenye viwanja na vikundi vyao, idara ya maji, mkandarasi, wafadhili, na kwa kila mmoja nilitaja tulichokubaliana na tulichobishania. Wafadhili nilionana nao mara mbili tu, nikaandika mara mbili.

Nilipowasomea, hakuna aliyecheka. Mama alisema jina lake sasa linaweza kuingia.

Jirani yangu aliipiga chapa akisikitika. "Umejikata miguu mwenyewe," alisema, "na chapa nimepiga mimi."

Siku kumi na tisa nilisubiri, na sina haja ya kueleza nilivyokuwa, muulizeni mke wangu. Kisha nikaitwa mjini. Walikuwa watatu nyuma ya meza, na aliyeuliza zaidi alikuwa mhandisi mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Hapa umesema vyumba vilijengwa na wenye viwanja. Kwa nini umeandika hivyo?"

"Kwa sababu ndio waliovijenga."

"Wiki hii nimeshaonana na waombaji wawili waliozijenga nyumba hizo hizo," alisema bila kutabasamu. "Kila mmoja peke yake. Na hivi viwanja kumi na vinne visivyokabidhiwa?"

"Vilikuwa juu ya mwamba. Mpaka leo haujapasuliwa."

Aliniuliza kuhusu bomba kwa nusu saa: nilijuaje, nilimwandikia nani, wenye viwanja niliwaambia nini walipokasirika. Nilijibu yote bila kutafuta maneno. Nilishangaa kuona magoti yangu yametulia chini ya meza.

Barua ya kazi ilipofika nilinunua sukari na majani ya chai nikaenda Dandora. Nyumba ile iliyokuwa haina paa ilikuwa imepauliwa. Mama alipokea mzigo, akasema mtu wa shirika alikuwa amekuja kumuuliza habari zangu, naye alimjibu yale yale niliyomsomea. Kisha akanikalisha. Kanisa lilitaka kujenga shule ya watoto wadogo na kikundi chao kiliomba kazi hiyo. Walitakiwa kuleta karatasi ya kueleza waliyowahi kufanya.

"Sasa wewe utuandikie," alisema, na wenzake wakasogea.

Niliandika kwa furaha, na furaha ikanitia uongoni tena. Nilianza kwamba, chini ya uongozi wake hodari, kikundi kilijenga nyumba kumi na tisa. Nikawasomea. Alitikisa kichwa. "Kazi yangu ilikuwa kushika daftari la zamu na kupatanisha waliogombana. Andika daftari. Andika na fundi tuliyemlipa, ndiye aliyepaua."

Nikafuta, nikaandika. Nikauliza niwaandike wanawake wangapi, maana nilijua mwenzao mmoja alikuwa amefariki kabla ya zamu yake kufika. Nyumba yake walimjengea hata hivyo, na watoto wake waliishi humo na nyanya yao. Nilimwambia mama kwamba kwa haki, walio hai ni kumi na wanane.

Wale wengine walitazama chini.

"Andika kumi na tisa," alisema mama. "Alichanganya saruji ya nyumba kumi na moja."

Niliandika kumi na tisa, na nyumba kumi na moja nikaziweka mbele ya jina la marehemu. Kisha nikasimama nikawasomea yote kwa sauti, tangu mwanzo.