Jogoo wa Kumaliza Mtihani

Binti yangu wa kidato cha nne alikuwa bwenini, hana simu. Kesho yake mtihani wa taifa unaanza, nikamwandikia ujumbe kupitia simu ya matroni: “Mwanangu, umeshasoma vya kutosha. Leo lala mapema. Kesho anza na maswali unayoyaweza. Matokeo yaje yatakavyokuja, wewe ni wangu. Ukimaliza, njoo nyumbani Mlali tumchinje jogoo.”

Kumbe nimeutuma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi! Aibu niliyoipata! Matroni naye, aliyemo kundini, akidhani ni wa watoto wote, akausomea bweni zima. Nasikia walipiga vigelegele.

Mtihani ulipokwisha, nikasikia hodi. Nikafungua mlango mbio. Wasichana kumi na mmoja, binti yangu mbele, na mabegi yao.

“Shikamoo mama! Tumekuja kwa jogoo.”

Na jogoo mwenyewe mmoja!