Kibati cha Mota ya Hombo

Asubuhi ile walikunywa chai ndani ya karakana yao, mtaa wa Magoudjou, Moroni, kama siku zote. Tadjidine alikaa juu ya kreti, mikono ina vanishi. Mkewe, Moinafouraha, alichuchumaa mbele ya mota mbili, akisugua vibati vyake, vile vya kiwandani vyenye maelezo ya Kifaransa, kwa kitambaa cha mafuta ya taa.

"Baba Bahiat, weka kikombe chini. Sikiliza."

Mke alisoma, mume akafuatisha, kama chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Ndivyo walivyofanya kazi tangu warudi kutoka Unguja. Yeye Tadjidine hakuona shule; alijua kusuka koili kwa vidole. Shule aliiona mkewe, hukohuko Unguja. Kifaransa cha vibati alijifunza peke yake, kwa kamusi iliyong'oka jalada, akakigeuza Kiswahili na kukiandika kwa herufi za Kiarabu. Mafundi wengi wa visiwani walisoma herufi hizo tu, na wazee kati yao walikuwa wamefanya kazi Mombasa na Unguja. Karatasi yake ilifungwa kwa uzi kwenye kila mota iliyotoka pale.

Hakupenda neno moja kwa neno moja. Palipoandikwa cos φ 0,85 aliandika: "Katika kila sehemu mia za umeme inaouvuta, themanini na tano ndizo zinazofanya kazi. Umeme mwingine huenda na kurudi tu, lakini waya lazima uubebe, basi usiweke waya mwembamba." Palipoandikwa 132 M: "Kutoka miguuni hadi katikati ya mhimili ni milimita mia na thelathini na mbili. M ni urefu wa kiwiliwili, wa kati."

Mota zile mbili zilifanana kama pacha. Zote 132 M, zote kilowati saba na nusu, mizunguko ileile. Ya kwanza ilikuwa mpya, ya pampu ya maji ya hospitali, Hombo, kule Mutsamudu, kisiwa cha pili. Kibati chake kilisema S1, daraja F. Ya pili ilitolewa kwenye winchi iliyokufa bandarini, Tadjidine akaisuka upya. Hiyo ilisema S3 40%, daraja B.

"Ya Hombo?" aliuliza Moinafouraha.

"Kazi mfululizo. Kihami cha waya kinastahimili joto la nyuzi mia na hamsini na tano."

"Ya winchi?"

"Katika kila dakika kumi, nne kazi, sita kupumzika. Kihami nyuzi mia na thelathini."

"Na ukiilazimisha mchana kutwa?"

"Itaungua, Mama Bahiat. Niache ninywe chai."

Akacheka. Baada ya siku ile hawakunywa tena chai hivyo.

Gari la kambi ya mamluki lilisimama kabla ya adhuhuri. Mamluki walikuwa mwaka wa tatu nchini, na watu walikwisha jifunza kuinamisha macho. Aliyeshuka alikuwa mzungu mrefu, kofia mkononi. Nyuma yake alikuja Kamardine, kijana wa Moroni aliyemfanyia ukalimani.

Mzungu alitaka mota mpya, kwa pampu ya nyumba yake. Hombo wapelekewe ile ya winchi.

"Anasema kimo ni kimoja, matundu ya bolti ni mamoja, nguvu ni moja," alisema Kamardine, akitazama sakafu. "Nani atajua?"

"Mota yenyewe itajua," alisema Moinafouraha.

Askari wawili waliibeba mota mpya. Tadjidine alisimama mlangoni, akasukumwa begani, akasimama tena, akasukumwa tena. Mzungu akachukua patasi, akang'oa kibati cha mota ya winchi, akakitia mfukoni. Kisha akanyooshea kidole karatasi.

"Anataka uandike kazi mfululizo, bibi," alisema Kamardine. "Fundi wa Hombo asije akapiga kelele wizarani."

Moinafouraha alikaa. Akaandika taratibu, bila kuinua kichwa. Alipomaliza alimpa Kamardine.

"Soma, mwanangu. Chuo umekwenda."

Kamardine alisoma kimya.

"Bibi, umeandika nne na sita."

"Ndiyo."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie nimeandika nne na sita."

Mzungu aliichana. Moinafouraha akaandika nyingine, ileile neno kwa neno. Mzungu akaichana nayo. Ya tatu Moinafouraha hakungoja ichanwe. Aliishika mkononi, akamtazama mzungu usoni. Ndipo walipompakia garini.

Tadjidine alikaa nje ya lango la kambi hadi kesho yake asubuhi. Kamardine alimjia, akajifanya anawasha sigara.

"Mzee, mkeo amenituma. Anasema usimkalie hapa kama mfiwa. Mota ya winchi imeshapakiwa, meli inaondoka saa nne. Haina kibati, haina karatasi. Karatasi iliyobaki ya kusomwa ni wewe."

"Mimi? Mimi sijui kitu."

"Amesema utasema hivyo. Amesema nikujibu: mwongo."

Alisimama. Aliliangalia lango. Hakuna jambo gumu alilolifanya maishani kama kuligeuzia lango lile mgongo. Akaenda bandarini kwa miguu, akapanda meli.

Hombo alimkuta Fakih, fundi wa pampu ya hospitali, mtu mnene mwenye maneno mengi, aliyekaa Mombasa miaka kumi na miwili. Mota ilitangulia kwa gari kutoka bandarini, yeye akija kwa miguu, na Fakih alikuwa ameshaipandisha.

"Imekaa kama imezaliwa hapa!" alisema. "Bolti zote nne. Lakini karatasi ya Moinafouraha iko wapi? Au siku hizi amekuwa mvivu?"

"Usiwashe."

"Wee! Wagonjwa wanachotewa maji kwa ndoo, na wewe unaniambia nisiwashe?"

"Kaa nikusomee."

"Wewe? Usome?"

Tadjidine alifumba macho, akaisoma yote kama ilivyosomwa asubuhi ile, kilowati, volti mia tatu na themanini, ampea kumi na tano nukta nne, sehemu themanini na tano, mhimili, daraja B, nne kazi, sita kupumzika. Hakuruka mstari. Fakih akaacha kucheka. Aliandika kwa mkaa ukutani, juu ya swichi, kwa herufi zilezile za chuoni.

"Nani kaibadili?" aliuliza.

Tadjidine akamwambia, jina la kambi na rangi ya gari.

"Basi nne na sita," alisema Fakih. Akaweka mtu na saa ya ukutani, wa kuiwasha na kuizima. Tangi lilijaa kwa kuchelewa, lakini lilijaa, siku zote, na koili hazikunuka moto. Naye Fakih akaenda akapiga kelele kwa kila mwenye masikio Mutsamudu.

Moinafouraha aliachiwa siku ya tisa. Alikuwa amelala juu ya saruji yenye maji, akarudi na kifua. Tadjidine alimchemshia majani, akampeleka kwa daktari, akamkanda mgongo. Mwezi haukuisha, akafa. Hilo halihitaji maneno mengi.

Juma moja kabla mkewe hajafa, Kamardine alikuja nyumbani, viatu mkononi. Kelele za Mutsamudu zilikuwa zimefika wizarani. Mzungu alitaka karatasi yenye mkono wa Moinafouraha, kwamba mota ya Hombo tangu mwanzo ilikuwa ya kazi mfululizo. Wakiipata, alisema Kamardine, hawatamrudisha kambini.

Tadjidine alimwona mkewe akinyoosha mkono, akadhani anataka kalamu. Moyo wake, asiufiche, ulitaka aandike. Lakini mkewe alitaka tu kuinuliwa. Tadjidine alimkalisha, akamshika mgongoni, akahisi mbavu zake zote.

Moinafouraha alivuta pumzi mara mbili. Kisha akasema, na Tadjidine ameyashika kama alivyoshika kibati kile:

"Mwambie bwana wako, mimi naandika kilichoko kwenye mota. Akitaka uongo, akajifunze Kiswahili, auandike mwenyewe."