Upande wa kushoto wa Mzee Kimeli

Mwaka 2007, Nasimiyu alikuwa karani wa kunakili mahojiano katika shirika dogo la mambo ya ardhi mjini Kitale. Hakuna aliyemzidi kwa masikio pale.

Faili nyingi za sauti alizigeuza mono mwenyewe, yaani sauti zote katika mkondo mmoja. Maikrofoni ikiwa moja, pande zote mbili za stereo, kushoto na kulia, hubeba sauti ileile, kwa hiyo mono haipotezi kitu na faili hubaki nusu ya ukubwa wake. Lakini Mzee Kimeli wa Cheptais, aliyehojiwa kuhusu shamba lake, alizungumza Kisabaot, bila kumsubiri mkalimani. Nasimiyu akawafunga maikrofoni mbili: mzee upande wa kushoto, Kipketer mkalimani upande wa kulia. Akitaka kumsikia mmoja, alimzima mwingine.

"Hii ya mzee usiiguse mpaka niinakili," alimwambia Derrick, msimamizi wake.

"Sawa, madam."

Wiki hiyo shangazi yake akafariki, naye akaenda Malakisi kuzika. Huku nyuma kompyuta ikajaa. Derrick akachagua faili zote, akazigeuza mono kwa mpigo mmoja, akafuta za awali, hata zilizokuwa kwenye kinasa sauti.

Nasimiyu aliporudi, akavaa hedifoni. Watu wawili walikuwa wanaongea ndani ya kichwa chake kwa wakati mmoja, kushoto na kulia kukiwa kitu kimoja.

"Derrick, umefanya nini?"

"Si ni maneno tu, bana. Stereo ni ya muziki."

"Walikuwa watu wawili! Ukishawachanganya hivi, nitawatenganisha na nini?"

Derrick akafungua gazeti.

Mwezi uliofuata Mzee Kimeli akafa. Katika tafsiri ya Kipketer, mzee alisema alimuuzia jirani shamba la chini. Cheruiyot, mwanawe, alikuja kutoka Cheptais akiwa na kofia mkononi.

"Dada, baba hakuuza. Alimpa alime tu. Alituambia hivyo miaka yote. Nisikilizishe."

Akasikiliza mara sita. Sauti ya baba yake ilikuja, ikafika kwenye shamba, na hapo hapo Kipketer, aliyeongea kwa nguvu zaidi, akaifunika.

"Nasikia tu mwanzo wa neno," alisema. "Rudisha tena."

Nasimiyu akarudisha. Mara ya saba Cheruiyot aliweka hedifoni mezani polepole, kana kwamba zingevunjika.

Kipketer alipoulizwa mzee alisema nini hasa, alijibu kwamba amesahau. Ofisi ya ardhi ya Bungoma, ambako kamati ingeamua shamba ni la nani, ikataka nakala ya mahojiano kufikia Ijumaa, na Derrick akaandika kwamba rekodi iliharibika mikononi mwa karani. Nasimiyu alisoma hilo, akasoma na ukurasa wa tafsiri ya Kipketer. Alikuwa na watoto watatu shuleni. Pale ambapo mzee hasikiki aliandika "haisikiki", mara kumi na moja, kisha akatia sahihi. Kamati ikachukua kilichosikika: sauti ya Kipketer, kwamba shamba liliuzwa.