Ilani Kiamaiko

Hikma Idarusi alikuwa mhariri wa Jirani, gazeti dogo la kurasa nane lililochapishwa mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, kila Alhamisi. Kumwita mhariri ni kumkuza kidogo. Kazi yake ilikuwa kusoma kila habari kabla haijaenda mashineni, kunyoosha tahajia na kuondoa Kiingereza. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, akiishi mtaa wa Tena katika nyumba aliyoachiwa na baba yake, mtu wa Lamu aliyeletwa Nairobi na kazi ya reli. Mzee huyo hakuwa mkali, ila mtoto akichanganya lugha mezani alirudishwa mwanzo wa sentensi mpaka aimalize kwa Kiswahili. Hikma hakuwahi kuiacha tabia hiyo.

Jumatano moja alasiri, ripota wao Muriuki alimletea habari fupi. Kampuni iliyopewa kazi ya kupanua mfereji wa maji ya mvua ilikuwa imebandika karatasi kwenye mlingoti wa stima karibu na soko la mbuzi la Kiamaiko. Karatasi yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Iliwataka wenye mazizi na vibanda kando ya mfereji waondoke kabla ya Jumatano iliyofuata. Muriuki aliona wengi wakiipita bila kuitazama, ndipo akaamua kuiandika. Kichwa cha habari yake kilisema: Wauza mbuzi Kiamaiko wapewa notisi ya siku saba.

Hikma alipigia mstari neno moja.

"Notisi," alisema. "Hili ni neno la Kiingereza tulilolivika kanzu. Hatuna letu?"

"Bi Hikma, notisi kila mtu anaijua," Muriuki alijibu. "Landilodi akikupa notisi, siku hiyo hiyo unaanza kutafuta nyumba."

"Kuna ilani."

Muriuki alicheka. Alikuwa kijana wa Murang'a aliyekulia Baba Dogo, mwenye akili ya haraka na ulimi wa haraka zaidi. "Hiyo nayo ni Kiarabu. Unatoa Kiingereza mlangoni, unaingiza Kiarabu dirishani. Kama ni letu, tuweke onyo. Onyo limetoka kwa kuona. Kumwonya mtu ni kumfanya aone. Hata cucu, nyanya yangu, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, angelisikia hilo."

"Onyo hupewa mwanafunzi aliyechelewa," Hikma alisema. "Ukishaonywa unabaki darasani. Hawa wanaambiwa watoke."

"Basi tangazo. Hilo nalo ni la Kibantu."

"Tangazo ni la msiba, la kitambulisho kilichopotea, la sabuni. Nani atavunja zizi kwa sababu ya tangazo?"

Mpaka hapo walikuwa wakibishana kama watu wa kazi, na Hikma alikuwa akisema kweli. Ilani ndilo neno lenye uzito wa kiofisi; hutolewa na mwenye mamlaka, huwekwa hadharani, na hubeba agizo. Hata arifa na taarifa, ambazo pia zina asili ya Kiarabu, aliziona hafifu, kwa sababu zinampasha mtu habari bila kumwamuru chochote. Kisha Muriuki akasema jambo ambalo pengine hakulikusudia.

"Shida yenu watu wa Pwani, mnadhani Kiswahili kilishuka na tasbihi."

Hikma alihisi uso ukimchoma. "Habari ni Kiarabu," alisema polepole. "Karatasi unayoiandikia asili yake ni Kiarabu. Hata kitabu ulichojifunzia kusoma. Utabaki na nini?"

"Habari imekaa kwetu mpaka imesahau kwao. Si sawa na ilani. Uliza huko nje."

Hakuuliza. Mchapishaji alikuwa akisubiri, na kichwa cha Muriuki hakikutosha kwenye safu. Hikma alikifupisha: ILANI YATOLEWA KIAMAIKO. Siku saba zilishuka zikaingia aya ya pili. Alipotuma ukurasa alisikia raha ndogo ya mtu aliyeshinda. Raha hiyo ndiyo aliyokuja kuionea haya kuliko kitu kingine chochote.

Wiki hiyo wadi ilikuwa katika kampeni za uchaguzi mdogo. Spika zilipita mitaani tangu asubuhi zikitangaza ilani ya chama hiki na ilani ya chama kile.

Jumatano iliyofuata, saa moja asubuhi, tingatinga lilifika mferejini. Hikma alipata habari kwa Muriuki, aliyempigia simu akiwa huko huko. "Wengine walihama Jumapili," alisema. "Wengine hawakujua kitu."

Hikma alivaa buibui lake akaenda. Alipofika, mabati yalikuwa yamelaliana kama karata, na watu walikuwa wakivuta mbao zao kutoka kwenye tope. Mbele ya zizi lililobomoka alisimama mzee mrefu, Dubow, ambaye Hikma alikuwa akinunua kwake mbuzi wa Idi mwaka hadi mwaka. Ukuta ulikuwa umemwangukia mbuzi jike mwenye mimba. Walikuwa wamemfunika kwa gunia.

"Asalaam aleikum, Mzee Dubow. Pole sana."

"Waaleikum salaam, mama. Tumeshapoa." Alisema hivyo kwa sababu ndivyo inavyosemwa.

"Hukuambiwa?"

"Nani aniambie? Karatasi ya kwenye mlingoti ni Kizungu. Gazeti lenu nilitumiwa picha kwa simu, kile kichwa peke yake. Nikamuuliza Samatar huyu, jirani yangu wa zizi, ilani ni nini. Akasema ni mambo ya vyama, hao wanaopita na spika. Nikaachana nayo."

Hikma angeweza kuondoka wakati ule, na mzee asingejua kamwe.

"Neno hilo nililiweka mimi," alisema. "Aliyeandika alikuwa ameandika notisi."

"Notisi naijua," Dubow alisema. "Nimepewa notisi mara tatu Eastleigh. Notisi ningehama siku hiyo hiyo."

"Najua. Nisamehe."

"Kwani ilani ni nini hasa?"

Akamweleza. Alisikia sauti yake mwenyewe, safi, ya mtu anayefundisha, na akatamani ardhi immeze. Dubow alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Ni neno zuri," alisema. "Lakini sikuwa nalo."

Akainama kumsaidia Samatar kuvuta bati.

Ofisini, Muriuki hakumsimanga. Aliketi mbali, akikunja na kukunjua kofia yake. "Hata onyo nililileta kwa ubishi tu, Bi Hikma," alisema hatimaye. "Neno sahihi nilikuwa nimeshaliandika. Ilinipasa nisimame nalo. Tulianza kubishana nani ni mwenye lugha, tukasahau nani atasoma."

"Wewe ulisema niulize."

"Nilisema. Ilinipasa niende kuuliza mwenyewe. Ni mwendo wa dakika ishirini mpaka Kiamaiko."

Toleo lililofuata, Hikma aliandika masahihisho kwenye ukurasa wa kwanza kwa jina lake, akaeleza kwamba ilani ile ilikuwa notisi ya kuhama na kwamba kichwa kilipaswa kusema hivyo. Watu wachache walipiga simu kumpongeza kwa uungwana. Kila pongezi ilimuumiza.

Dubow hakurudi mferejini. Wauzaji wenzake walimwambia Hikma kwamba amekwenda kuchunga mifugo ya shemeji yake upande wa Isiolo, na kwamba kwa umri wake hadhani ataanza upya mjini. Idi ilipofika, Hikma alinunua mbuzi kwa Samatar. Samatar alimchagulia mzuri, akamfunga kamba, na hakutaja mambo ya gazeti. Hikma naye alitafuta neno la kumwambia njia nzima kutoka Tena, na aliposimama mbele yake hakulipata.